Damu chini, chuma juu: nimeze vidonge au nitolewe damu?

*Salaam aleikum mama. Mimi ni kijana wa Lamu, miaka 29, kazi yangu boti za wageni. Tangu niko chuoni naambiwa sina damu, ni vidonge na sirapu za kuongeza damu naacha naanza naacha naanza, na nilipokuwa darasa la sita niliongezwa damu chupa 2. Mwaka huu nimemeza vidonge kila siku miezi 8, damu haijapanda. Daktari mmoja wa Malindi akashangaa akaniandikia vipimo vya chuma. Majibu: hemoglobini 8.4, MCV 64, feritini 1,180, chuma cha damu 39, TIBC 50, saturesheni ya transferini asilimia 78. Akasema chuma kimezidi, niende Mombasa. Sasa kimezidi vipi na damu sina? Binamu yangu anasema nikaumikwe hijama kitoke, duka la dawa wanasema niendelee na vidonge mpaka damu ipande. Macho yangu pia huwa na umanjano kidogo, ni kitambo. Na baada ya miezi mitatu naoa, binti wa ami yangu. Madaktari wanajuaje kama kweli chuma kimejaa ama ni maabara imekosea?*

Waaleikum salaam mwanangu. Hivyo vidonge viweke kando leo, usingoje safari ya Mombasa. Mwenye duka hana ubaya, anajua damu chini dawa yake chuma, na mara nyingi huwa ni kweli, lakini wewe umeshapimwa chuma chenyewe na kimeonekana kipo tele. Kama ndani ya hivyo vidonge vyako mna asidi ya foliki imechanganywa na chuma, acha vyote halafu umuulize daktari akuandikie foliki peke yake, hiyo haina neno.

Mimi maabara nimefanya kazi miaka mingi kabla ya kustaafu, na karatasi kama yako nimeziona si mara moja. Tuanze na hilo swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine.

Wewe mtu wa Lamu nikikwambia punda utanielewa haraka. Chuma hakitembei peke yake kwenye damu, kinabebwa, na anayekibeba ni transferini, huyo ndio punda. Ile TIBC yako ya 50 ni nafasi zote za mizigo zilizoko kwa punda wote, na 39 ni mizigo iliyopakiwa siku ile ulipotolewa damu. Chukua 39 gawanya kwa 50 zidisha kwa 100, unapata 78, ndio asilimia yako. Mtu wa kawaida huwa kati ya 20 na 45 hivi, yaani punda wengi wanazunguka mgongo mtupu wakingoja. Ikishavuka 45 daktari anaanza kuuliza maswali. Ikifika 70 na kitu kama wewe, kuna chuma kinachokosa punda kinaanza kuzurura kivyake kwenye damu, na hicho ndicho kibaya kwa sababu ini, moyo na kongosho vinakivuta ndani vyenyewe bila mpango.

Feritini ni kitu kingine. Hiyo ni ghala, chuma kinawekwa humo ndani ya seli, hasa za ini, na kile kinachopimwa kwenye damu ni kidogo tu kinachovuja kutoka ghalani. Kwa mwanamume ikizidi 300 hivi tunasema iko juu. Tatizo la feritini ni kwamba inapanda kwa sababu nyingi ambazo hazihusu chuma hata kidogo. Mtu ana homa kali inapanda, ana mafuta kwenye ini inapanda, kisukari, unene, pombe, mnazi wa kila jioni, yote hiyo inaipandisha. Nimewaona watu wameletwa wanatetemeka ati chuma kimewajaa, kumbe ni kichomi, akapona ikashuka yenyewe.

Ndio maana vinapimwa viwili pamoja. Mwili ukiwa unapigana na ugonjwa huficha chuma, kile cha kwenye damu kinashuka, kwa hiyo feritini inakuwa juu lakini saturesheni inakuwa chini au ya kawaida. Zikipanda zote mbili kama zako ile hadithi ya homa na uvimbe inakuwa haitoshi tena, inabaki mambo machache: chuma kimezidi kweli, au ini linaumwa, au kipimo kiliingiliwa.

Hilo la kuingiliwa ndilo la kwanza kuondoa maana ndilo rahisi. Ulimeza kidonge asubuhi ile kabla ya kutolewa damu? Mtu akimeza kidonge cha chuma halafu akatolewa damu baada ya saa chache, chuma cha damu kinaruka na saturesheni inaonekana ya kutisha, na hakuna aliyemuuliza. Lingine ni damu kuvunjikia kwenye chupa, sindano nyembamba au chupa imetikiswa njiani kwenye boti. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa jibu la namna hiyo nikiwa kwenye maabara moja, mama wa watu akarudishwa kutoka mbali kwa chupa niliyopaswa kuikataa tangu mwanzo, na aibu yake sijaisahau. Kwa hiyo utarudia. Acha vidonge wiki moja mbili hivi, na multivitamini yoyote yenye chuma, nenda asubuhi hujala, upimwe chuma, TIBC na feritini kwa pamoja kutoka damu ile ile. Saturesheni ikishuka ikawa 35 tutazungumza mengine. Lakini nikwambie ukweli sitarajii, kwa sababu kidonge cha asubuhi kinaweza kuichezea saturesheni ila hakiwezi kuifikisha feritini 1,180.

La pili ni ini. Ini ndilo linalotengeneza transferini, likiumwa punda wanapungua na mizigo ni ile ile, asilimia inapanda. Na seli za ini zikipasuka zinamwaga feritini. Kwa hiyo siku hiyo hiyo upimwe vimeng'enya vya ini, hepataitisi B na C, na sukari. Kama unakunywa mnazi mwambie daktari kiasi cha kweli, hakuna atakayempigia mzee wako simu.

Sasa hilo la damu chini na chuma juu, hapa ndipo karatasi yako inaposema yenyewe. Tazama hiyo MCV, 64. Hicho ni kipimo cha ukubwa wa chembe nyekundu, kawaida huwa 80 kwenda 100, zako ni ndogo sana. Chembe ndogo, wengi wanajua maana yake moja tu, chuma hakuna, na hivyo ndivyo ulivyoandikiwa vidonge miaka yote hiyo, na siwalaumu maana bila kupima feritini zinafanana. Lakini mtu aliyekosa chuma feritini yake ingekuwa chini ya 30, mara nyingi chini ya 15. Yako ni 1,180. Yaani matofali ni madogo lakini mchanga umejaa uani, basi kasoro iko kwa utengenezaji, haiko kwa mchanga.

Kasoro hiyo ninayoifikiria mimi kwanza inaitwa talasemia, ile ya beta, ya kati, si ile kali ya watoto wa kuongezwa damu kila mwezi na si ile nyepesi ambayo mtu anazeeka bila kujua anayo. Ni ya kurithi, na iko sana Bahari ya Kati, Arabuni, Ghuba na India. Wewe wa Lamu unajua vizuri majahazi ya kaskazi yalikuwa yanatoka wapi na mababu zetu walioa wapi. Kuna magonjwa mengine machache ya uboho yanayotoa picha kama hii kwa hiyo sikupi jina kama hukumu, lakini umri wako, umanjano wa macho na hii habari ya tangu chuoni vyote vinaelekea huko. Huo umanjano huenda ni chembe zinazovunjika kabla ya wakati wake.

Jinsi chuma kinavyojaa hapo ndiyo sehemu watu hawaiamini nikiwaeleza. Uboho unatengeneza chembe nyingi mno lakini nyingi zinafia humo humo kabla ya kutoka, sasa uboho unaona damu haitoshi unapeleka ujumbe kwamba vifaa viongezwe. Utumbo una bawabu wake, homoni ya ini inaitwa hepsidini, kazi yake kufunga mlango chuma kikitosha. Huo ujumbe wa uboho unamnyamazisha bawabu, mlango unabaki wazi mchana na usiku ingawa ghala limefurika. Mtu mzima wa kawaida ananyonya miligramu 1 au 2 kwa siku kutoka kwenye chakula na anapoteza hiyo hiyo, basi. Mwenye hali hii anaweza kunyonya 3 au 4. Hebu piga 3 kwa siku 365, ni zaidi ya gramu nzima kwa mwaka, na akiba ya mwanamume wa kawaida yote ni kama gramu moja. Hapo hajameza kidonge hata kimoja! Na mwili hauna njia ya kukitoa hicho kilichozidi, si kwa mkojo si kwa jasho. Wewe juu ya hapo umeongezewa vidonge. Zile chupa 2 za darasa la sita zisikusumbue sana, chupa moja ina miligramu 200 hadi 250, kwa hiyo zote mbili hazifiki hata nusu ya kinachoweza kuingia kwa mwaka mmoja kwa njia ya utumbo.

Kwa hiyo Mombasa mwambie daktari anayekupokea unataka elektroforesisi ya hemoglobini, au ile mashine inayoandikwa HPLC kwenye fomu, pamoja na damu kutazamwa kwa hadubini, hesabu ya chembe changa, na bilirubini. Elektroforesisi inagawanya aina za hemoglobini. Anayebeba jeni moja ya beta yenye kasoro, ile aina ya A2 hupita asilimia 3.5. Mwenye hali ya kati mara nyingi aina ya F, ile ya kitoto, hubaki juu hata ukubwani. Hapo hapo itaonekana kama una siko seli imechanganyika, maana pwani yetu hiyo iko sana na zikikutana mbili hizo ni ugonjwa mwingine tena. Kuna talasemia ya alfa pia, nayo imejaa pwani hii, kawaida haionekani kwa kipimo hiki inahitaji DNA, lakini ile ya kawaida ya huku kwetu haiangushi damu mpaka 8.4 wala haijazi chuma, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni hiyo tu akufunge faili.

Na mtu akikwambia uanze kwa kupima jeni ya HFE, muulize kwanza sababu. Hiyo ilijulikana mwaka 1996 na ndiyo chanzo kikubwa cha chuma kuzidi kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, ukiwa na asili ya kwetu ni nadra sana. Wale pia damu yao huwa haipungui, na chembe zao si ndogo kama zako. Hiyo pesa iweke kwenye picha ya MRI.

Maana hapo ndipo penye jibu la ni kiasi gani. Saturesheni inakwambia mlango uko wazi, feritini inakwambia ghala limejaa, hakuna inayokwambia ni magunia mangapi. Zamani walikuwa wanachoma sindano kwenye ini wanachukua kinyama wanakitia rangi, chuma kinaonekana buluu, siku hizi hiyo wanaiacha mpaka kuwe na shaka nyingine juu ya ini. MRI inafanya kazi kwa sababu chuma kinavuruga sumaku, ini lenye chuma linaonekana jeusi, na kwa hesabu maalum, inaitwa R2 au T2*, wanatoa namba ya miligramu za chuma kwa kila gramu ya ini kavu. Chini ya 2 hivi ni kawaida. Kwa mwenye talasemia asiyeongezwa damu, ikifika 5 dawa ya kutoa chuma inaanza, na pale ambapo MRI haipatikani wanatumia feritini ya 800. Wewe umeshapita. Na kwa watu wa aina yako feritini hudanganya upande wa chini, yaani ini linaweza kuwa na chuma kingi kuliko namba inavyoonyesha, kwa hiyo asije mtu akakwambia 1,180 si nyingi ati kuna wenye 5,000, hao ni wa kuongezwa damu, hesabu yao nyingine.

Ila kabla hujalipa piga simu uulize hivi hivi: mashine yenu ina uwezo wa kupima kiasi cha chuma kwenye ini, mtaniandikia namba? Si kila MRI ina hiyo programu, na MRI ya tumbo ya kawaida utarudi nyumbani na picha nzuri na mfuko mtupu. Wakipima na moyo kwa T2* ni bora, zaidi ya 20 uko sawa, chini ya 10 ni hatari. Altrasaundi nayo haioni chuma, usije ukaambiwa altrasaundi safi basi huna kitu, yenyewe inaonyesha kama ini limekuwa gumu na kama bandama limevimba, nayo yako sitashangaa likiwa limevimba.

Kuhusu hijama, binamu yako anakupenda na wazo lake halikutoka hewani, kwa sababu wale wa jeni ya HFE kweli wanatibiwa kwa kutolewa damu, nusu lita kila wiki, na kila nusu lita inatoka na miligramu 250 hivi. Lakini wao wana hemoglobini 14, 15. Gramu moja ya hemoglobini inabeba miligramu 3.4 za chuma. Damu yako ya 8.4, vikombe vikitoa mililita 30, umetoa chuma miligramu 8 au 9, ambazo kwa hali yako ni siku tatu tu zinarudi. Halafu ukitolewa damu nyingi uboho unapiga kelele zaidi na mlango unafunguka zaidi. Umejiumiza bure. Wewe dawa yako ikithibitika ni za kukamata chuma na kukitoa, ya vidonge inaitwa deferasiroksi, nayo haitaki mchezo, inaweza kugusa figo na ini kwa hiyo unapimwa kabla na kila mwezi, na macho na masikio kila mwaka. Feritini ikishuka ikakaribia 300 inasimamishwa. Usiagize kwa mtu.

Chakula sina mengi. Chai ya rangi kunywa pamoja na chakula, hapo mara moja katika maisha yako utaambiwa ni vizuri, inapunguza chuma kinachonyonywa. Vidonge vya vitamini C acha, lakini ndimu kwenye samaki kula tu. Kitu ambacho nakukataza kabisa, na kwa kazi yako nakisisitiza, ni chaza mbichi zile wageni wanazokula na ndimu. Kuna bakteria wa maji ya bahari yenye joto anaitwa vibrio, anashiba chuma, na mtu ambaye chuma kimemzidi bakteria huyo anaweza kumuua kwa siku mbili. Zikipikwa zikaiva kula. Na ukikatwa na mwamba mguuni usiingie baharini na kidonda kibichi, na kama umeshaingia kikaanza kuvimba na homa, hapo hapo hospitali, mwambie daktari neno chuma.

Nimekuachia harusi mwisho kwa sababu ndiyo yenye tarehe. Kama wewe una hali ya kati, mara nyingi jeni zako zote mbili za beta huwa na kasoro, na ikiwa hivyo kila mtoto utakayezaa atapokea moja kutoka kwako, hilo halina kukwepa. Akipokea moja tu huwa mzima, anabeba tu. Swali ni mwenzako, na kwa kuwa ni binti wa ami nyumba ni moja na damu ni moja, uwezekano wa yeye kubeba ni mkubwa kuliko mtu wa mbali. Akiwa anabeba, kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuumwa, na mtoto anaweza kuwa na ile kali kuliko yako, inategemea jeni zenyewe. Akiwa habebi hiyo wala siko seli, oeni kwa amani.

Kwa hiyo siku unayokwenda Mombasa panda naye, na mahramu wake kama wazee watataka, yeye atolewe hemogramu na elektroforesisi hiyo hiyo. Akiwa na vidonge vya kuongeza damu anavyomeza vya kwake mwambie avitaje, na kama feritini yake iko chini itengenezwe kwanza halafu A2 irudiwe, kwa sababu upungufu wa chuma unaweza kuishusha A2 na kumficha mbebaji. Miezi mitatu inatosha kwa hilo, mkianza wiki hii.